Brekipedi za mbele za Haisi: orijino, za kampuni au boksi jeupe, na waranti ya kila moja

Wakubwa zangu wenye gereji za Tanga mjini, Muheza, Korogwe, Mombo mpaka Lushoto juu, assalaam alaykum na habari za kazi.

Swali ninaloulizwa kila wiki ni hili: pedi za Haisi za laki mbili na kitu zina nini ambacho za elfu thelathini hazina, na kama zina kitu kweli mbona mteja akiambiwa bei anakimbia. Nimeona badala ya kumjibu kila mtu kwenye simu huku nahesabu mzigo, niandike hapa mara moja, nikae nayo vizuri, mkisoma mtaamua wenyewe mnunue ipi na kwa gari ipi. Nimechagua pedi za mbele za Haisi bodi ya 200, zile KDH za dizeli na TRH za petroli, kwasababu ndo kitu kinachotoka sana kwangu na ndo kitu kinachorudi sana na maneno, halafu gari hizi zinabeba watu na nyingi mnazozihudumia zinashuka Lushoto kila siku.

Niseme mapema kwamba mimi nauza, na faida yangu kwenye orijino ni kubwa kuliko kwenye hizo nyingine. Pamoja na hivyo mtaona huko chini kwamba kwa Haisi ya Lushoto sikushauri uchukue orijino.

Tuanze na boksi zenyewe maana hapo ndo watu wanachanganywa. Orijino ni ile iliyo kwenye boksi la Toyota na namba ya Toyota, pedi za mbele namba yake inaanza na 04465, breki shuu za nyuma zinaanza na 04495, zile tarakimu tano zinazofuata ndo zinasema ni za gari gani. Toyota hachongi pedi mwenyewe, anatengenezewa na makampuni ya breki kama Advics na Akebono kwa mchanganyiko alioukubali yeye, kisha zinaingia boksi lake. Za kampuni ni zile ambazo kampuni ya breki yenye jina lake inatengeneza na kuuza kwa boksi lake yenyewe, iwe ya Japani, Ulaya, Korea, Thailand au China, na hapa naomba tuache ile tabia ya kusema kichina ni kibovu, kuna viwanda vya China vinatoa pedi nzuri tu na zina alama zote. Boksi jeupe ni ile ambayo haina mwenyewe, boksi limeandikwa maneno ya Kizungu ya sifa lakini kiwanda hakitajwi, na ukiuliza leo inaitwa hivi na mwezi ujao mzigo huohuo unaitwa jina jingine.

Kuna ya nne ambayo sikuiweka kwenye ulinganisho kwasababu haifai kulinganishwa na kitu, nayo ni feki, yaani boksi jeupe lililovaa nguo za Toyota. Hii ndo mbaya kuliko zote maana unalipa bei ya juu unapata kitu cha chini, na ukishaifunga wewe fundi ndo unaonekana mwizi mbele ya mteja. Ukiletewa yenye mashaka usiifunge, iache na boksi lake na risiti yake, Tume ya Ushindani, wale FCC, kazi yao mojawapo ni bidhaa feki.

Sasa toa pedi kwenye boksi uishike mkononi, usisome boksi, soma pedi. Geuza uangalie ubavu au mgongo wake, pedi yenye mwenyewe ina maandishi yaliyopigwa kwa wino au kugongwa kwenye bati, jina la kiwanda au kifupi chake, namba ya mchanganyiko, na mwishoni mara nyingi herufi mbili kama FF au GG au EF. Zile herufi mbili zinasema pedi inashika kiasi gani, ya kwanza ikiwa na joto la kawaida na ya pili ikiwa imepata moto sana. E ni mshiko wa 0.25 mpaka 0.35, F ni 0.35 mpaka 0.45, G ni 0.45 mpaka 0.55. Kwahiyo pedi iliyoandikwa FE maana yake ikipoa inashika vizuri ila ikipata moto inashuka daraja, na hiyo mimi siwezi kuiweka kwenye gari inayotoka Lushoto imejaa. FF ndo ya kawaida kwa Haisi. Ila msije mkazipa zile herufi kazi isiyo yake, hazisemi pedi itadumu miezi mingapi wala kama itapiga kelele, zinasema mshiko tu, na mtu wa boksi jeupe naye anaweza kuzigonga bila kupima chochote.

Alama ninayoiamini zaidi ni ile ya Ulaya, herufi E ndani ya duara ikiwa na namba ya nchi pembeni, na karibu yake utaona 90R kisha tarakimu. Maana yake ile pedi imepimwa kwenye maabara ikilinganishwa na orijino ya gari hiyo, na nguvu yake ya kusimamisha haikupishana na orijino zaidi ya asilimia 15. Hiyo alama ipo kwenye pedi yenyewe na kwenye boksi, na tarakimu zinatakiwa zifanane. Zikipishana, rudisha. Mimi mzigo wangu wote wa daraja la kampuni naagiza wenye 90R, ndo masharti niliyowapa wauzaji wangu wa Dubai, na likija boksi ambalo halina siliweki kwenye rafu hiyo hata kama pedi inaonekana nzuri.

Vitu vingine vya kuangalia kwa macho mnavijua. Bati la nyuma liwe limekatwa safi bila meno pembeni, maana lenye meno linakwama kwenye braketi na pedi hairudi. Lainingi iwe imekaa bati zima kwenye eneo lake bila mwanya hata wa kupitisha ukucha. Pedi nne ziwe na unene mmoja, pima na venia, nikipima boksi jeupe nakuta moja nene kuliko mwenzake kwenye seti moja. Na kile kibati cha kelele, cha kumwambia dereva pedi zimeisha, kiwepo na kikae mahali pake, zile za bei ya chini mara nyingi hawakiweki kabisa, ndo maana gari inakuja kwako bati limeshakula diski.

Kuna jambo moja lazima niliseme kabla ya bei. Haisi bodi ya 200 haina pedi aina moja. Nyingi zetu zimekuja mtumba kutoka Japani, hazina ile namba ndefu ya tarakimu 17, zina chesisi namba fupi inayoanza na KDH200 au TRH200 au nyingine za ukoo huo, na pedi inapishana kwa mwaka na kwa aina ya bodi. Ukiniambia tu "nitumie za Haisi" nitakutumia zinazotoka sana, na hapo ndo kesi inapoanzia. Nitumie chesisi namba kutoka kwenye kibati cha gari au kwenye kadi, nitaitafuta kwenye katalogi na kukupa namba kamili ya 04465, hata kama huchukui orijino ile namba ndo inatumika kutafutia za kampuni. Nikikutumia kwa chesisi namba na isiingie, gharama ya kuirudisha ni yangu yote, ukiniagiza kwa mdomo bila namba gharama ya gari la kurudisha ni yako. Naona hapo tuko sawa.

Haya, hela. Bei zangu wiki hii kwa seti ya mbele ya Haisi: orijino 210,000, ya kampuni yenye 90R 95,000, na boksi jeupe ukilitaka mjini unalipata 30,000 (mimi siliweki, niliacha). Nichukue gari moja ya mteja wangu mwenye gereji huko njiani, Haisi ya abiria inayopanda na kushuka Lushoto, kwenye daftari lake ameandika kila seti aliyoifunga na tarehe. Gari moja sio sheria ya gari zote ila hesabu yenyewe inaonyesha kitu, nanyi mnaweza kuifanya kwa gari zenu.

Kwa njia ile boksi jeupe lilikuwa linaisha kama wiki sita na nusu, kwa mwaka ni mara nane. Ya kampuni ilikwenda kama miezi minne, mara tatu kwa mwaka. Orijino miezi sita, mara mbili. Ufundi wake anachaji 20,000 kila akifunga. Kwahiyo boksi jeupe ni 50,000 mara nane, 400,000. Ya kampuni 115,000 mara tatu, 345,000. Orijino 230,000 mara mbili, 460,000. Ukiishia hapo orijino ndo ghali kuliko zote, na mwenye gari anayekwambia boksi jeupe ni nafuu kuliko orijino yuko sahihi, usibishane naye.

Ila gari ikiingia gereji kubadili pedi inapoteza nusu siku ya hesabu, tuseme 30,000. Mara nane ni 240,000, mara tatu ni 90,000, mara mbili ni 60,000. Sasa jumla inakuwa boksi jeupe 640,000, ya kampuni 435,000, orijino 520,000. Na sijaweka diski, maana zile pedi za chini nyingine zina vipande vya chuma kigumu ndani, utaona diski ina mifereji kama imekwanguliwa na msumari, na ukishabadilisha diski mara moja hesabu ya boksi jeupe inaharibika kabisa.

Kwahiyo kwa Haisi ya biashara inayopanda mlima nasema chukua ya kampuni yenye 90R na herufi ya pili isiwe chini ya F. Orijino nitakuuzia kwa moyo mmoja kwa mtu mwenye gari yake binafsi, familia, IST au Noah au hata Haisi ya hoteli ambayo haipigi ruti, huyu anabadilisha pedi mara moja anakaa nazo muda mrefu sana, tofauti ya laki moja kwake inagawanyika mpaka haionekani, na anachokitaka ni ukimya na mguso uleule aliouzoea. Boksi jeupe kwa gari ya mlimani hapana, hata mteja akilia. Kwa gari ya pikapu inayozunguka hapahapa mjini, Ngamiani na Chumbageni, tambarare na mwendo mdogo, haitaua mtu kwa haraka, lakini hesabu bado inaikataa.

Nimesema mlimani mara nyingi, nieleze kwanini. Kutoka Lushoto kupitia Soni mpaka Mombo ni kilomita 30 na kitu, na unashuka karibu mita 1,000 mpaka usawa wa Mombo, kona juu ya kona. Dereva akishuka na gia ya tatu huku kakanyaga breki muda wote, moto wote unaingia kwenye pedi na diski za mbele. Hapo vinaweza kutokea vitu viwili tofauti ambavyo dereva ataviita jina moja, "breki zimekataa", na wewe fundi usipovitenganisha utabadilisha pedi bure na utanirudishia pedi nzima.

Cha kwanza, pedali ni ngumu, dereva anakanyaga kwa nguvu zote lakini gari haishiki. Hiyo ni pedi imezidiwa na moto, mshiko umeshuka. Ukiitoa utaikuta inang'aa kama kioo, nyeusi au yenye rangi ya bluu pembeni, na harufu ya kuungua. Hapo kweli swali ni aina ya pedi.

Cha pili, pedali inakuwa laini, inazama mpaka chini kama sponji, gari ikipaki nusu saa Mombo ikapoa pedali inarudi kama kawaida na gari ikifika kwako huoni tatizo. Hiyo ni mafuta ya breki yamechemka, yametengeneza mvuke ndani ya paipu, na mvuke unabonyea. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewani, na sisi huku pwani unyevu tunao. DOT 3 ikiwa mpya inachemka nyuzi 205, ikishavuta maji inashuka mpaka kwenye 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikishavuta maji. Gari nyingi zinazokuja hapa hayo mafuta hayajawahi kutolewa tangu ziteremke bandarini, yana rangi ya chai ya rangi. Hapo ukifunga pedi ya laki mbili au ya elfu thelathini matokeo yako sawa. Toa mafuta yote, weka mapya kutoka kopo ambalo halijakaa wazi siku nyingi, toa hewa gurudumu zote nne.

Na kabla hujafunga pedi za mbele angalia breki shuu za nyuma. Haisi nyuma ni dramu, zikiwa zimelegea hazijaseti, mbele ndo panabeba kazi yote na pedi yoyote utakayoweka itakufa mapema. Nimeshaona mtu analaumu pedi mara tatu kumbe nyuma hapagusi.

Tuje kwenye waranti, maana kila muuzaji anasema anayo.

Waranti ya orijino watu wanaielewa vibaya. Boksi la Toyota ambalo mimi nimelileta kutoka Dubai halina maana utakwenda kwa wakala wa Toyota hapa nchini ukadai, yeye hakukuuzia, atakuomba risiti yake. Waranti ya boksi hilo ni yangu mimi niliyekupa risiti ya EFD. Kwahiyo ukilinganisha waranti usilinganishe jina lililo kwenye boksi, linganisha aliyekuuzia yupo wapi na atafanya nini ukirudi. Ya kampuni nayo ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba kwenye hizi kiwanda kinanirudishia mimi nikiwatumia picha na namba ya bechi, ndo maana naweza kukulipa bila kusubiri. Boksi jeupe halina wa kumrudishia, muuzaji akikubadilishia ametoa mfukoni, na wengi wanakwambia waranti inaishia mlangoni.

Masharti yangu ni haya: orijino na za kampuni zote miezi sita tangu tarehe ya risiti, kwa lainingi iliyobanduka kwenye bati, iliyopasuka, bati lililopinda, au seti yenye vipimo visivyofanana. Nakupa seti nyingine na nakulipa 20,000 ya ufundi, maana muda wako nao ni hela. Kuisha kwa pedi hakumo kwenye waranti, pedi kazi yake ni kuisha. Na pedi iliyouliwa na kitu kingine kwenye gari haimo.

Najuaje ipi ni ipi? Nawaonyesha mbili zilizokuja dukani ili muone sihukumu kwa hasira.

Ya kwanza ilikuja kwenye mfuko, seti ya upande mmoja, imetumika wiki tano. Pedi ya ndani imeisha mpaka bati, pedi ya nje imebaki milimita saba. Pedi mbili zimetoka boksi moja, mchanganyiko mmoja, zimebana diski moja, haiwezekani kiwanda kikakosea kwa moja tu kiasi hicho. Hiyo ni kalipa. Ama pini zake za kuteleza zimekauka, ama pistoni hairudi kwasababu raba yake imechoka na kutu imeingia. Nilimwambia fundi atoe pini, na kweli moja ilikuja kwa nyundo, ikiwa na grisi ya kawaida ambayo imevimbisha raba zake. Pale inawekwa grisi maalum ya breki isiyokula raba. Seti sikumbadilishia, lakini niliongea na mwenye gari kwa simu mwenyewe kumweleza kwamba fundi wake hakumuuzia pedi mbovu, na naahidi nitafanya hivyo kwa yeyote.

Ya pili lainingi ilikuwa imetoka nzima kama kipande cha biskuti, unene wake bado karibu mpya, na bati chini yake ni safi, linang'aa, hakuna alama ya gundi upande mzima wa chini. Hapo hakuna mjadala, gundi haikushika kiwandani. Alipewa seti na ufundi siku ileile, na boksi zote za bechi hiyo nikazitoa kwenye rafu.

Kwahiyo mkirudisha nileteeni pedi zote nne, na boksi, maana namba ya bechi iko kwenye boksi. Anayeniletea pedi moja iliyooshwa na petroli ananinyima ushahidi wa kumsaidia. Kwa vumbi lake pia, jamani msipulize na kompresa, hamjui kilichochanganywa kwenye hizo pedi kuukuu na mengine ni sumu ya mapafu, lowanisha ndo ufute.

La mwisho ni mzigo kufika, na hili wengi hawaliweki kwenye hesabu ingawa ndo linakula mtaji wao. Kuna njia tatu. Unaagiza mwenyewe na wenzio Dubai kwa pamoja, bei inashuka vizuri, ila mpaka meli ifike na mzigo utoke bandarini hesabu wiki sita. Unampigia mtu wa Kariakoo anakupakilia kwenye basi la usiku, kama kilomita 350, asubuhi unachukua Kange, bei ya katikati, ila kikija sicho safari inaanza upya na mzozo wa nani alipe. Au unachukua kwenye rafu yangu hapa Tanga, mjini siku hiyohiyo, Muheza mpaka Mombo kesho yake, Lushoto keshokutwa.

Chukua gereji inayofunga seti tatu kwa wiki. Kwa njia ya Dubai lazima uwe na seti za wiki sita, 18, na za akiba kidogo meli ikichelewa. Hizo 18 kwa bei ya 95,000 ni 1,710,000 imelala kwenye rafu, hata ukipunguziwa 15,000 kila seti bado ni 1,440,000. Kwa rafu yangu unahitaji seti tatu tu, 285,000, ukibaki na mbili unanitumia ujumbe. Ile milioni na zaidi inayobaki ndo filta, plagi, mafuta ya breki, vitu ambavyo mteja akivikosa kwako anaondoka. Ila nisiwadanganye, kama gereji yako ni kubwa, unafunga seti kumi na tano kwa wiki na mtaji unao, Dubai kwa pamoja inakulipa kuliko mimi, na nitakusaidia hata kupanga mzigo ukae kwenye kontena langu.

Kinachokaa kwenye rafu Tanga muda wote ni pedi za mbele na breki shuu za nyuma za Haisi, Noah, Probox, IST na Kosta, raba za kalipa, pini na grisi yake, na DOT 3 na DOT 4. Nikikosa kimojawapo kati ya hivyo siku uliyoagiza, nakitoa Dar kwa basi la usiku na nauli ya mzigo nalipa mimi. Vya gari zisizo za kawaida, tuseme Subaru au gari za Ulaya, siahidi kesho, nitakwambia siku halisi na ukiona mbali tafuta kwingine bila kinyongo.

Oda za magari ya kwenda njia ya Korogwe na Mombo nafunga saa tisa alasiri kila siku isipokuwa Ijumaa nafunga saa tano kabla ya swala. Tuma chesisi namba, andika daraja unalotaka, orijino au ya kampuni, na idadi. Anayetaka kuona tofauti mwenyewe nimeweka mezani dukani pedi za madaraja yote matatu zimekatwa katikati, pamoja na ile iliyobanduka, njoo na kijana wako wa gereji azishike.